Kesho Unapasuliwa Busha: Video kwa Wagonjwa wa Wodi ya Wanaume

[PICHA: Wodi ya wanaume, Pemba, jioni. Muuguzi amekaa kando ya kitanda, anatazama kamera.]

MUUGUZI: Asalaam aleykum. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Kesho ukiingia utanikuta huko.

Naanza na lile ambalo wanaume wengi huniuliza kwa kunong'ona: korodani haikatwi. Busha ni maji yaliyojaa kwenye mfuko unaoizunguka. Daktari hupasua ngozi, akayatoa maji, akaukata au kuupindua mfuko yasijae tena, kisha akashona. Kwa kawaida ni nusu saa hadi saa moja.

[PICHA: Saa ya ukutani, saa 6 usiku.]

Chakula mwisho saa 6 usiku. Chai ya maziwa nayo ni chakula. Maji matupu mwisho saa 12 asubuhi. Tumbo likiwa na kitu, unaweza kutapika kikaingia mapafuni. Ukila kwa kusahau, twambie. Tutasogeza muda tu, hakuna atakayekugombeza. Kama unatumia dawa za sukari, presha au za kuzuia damu kuganda, au dawa za miti shamba, mwambie daktari usiku huu.

[PICHA: Mgonjwa amekaa ukingoni mwa kitanda, muuguzi amemshika mabega.]

Kesho tutakuuliza jina lako na upande wenye busha, tena na tena. Hatujasahau, ndio utaratibu wenyewe.

Sindano ya ganzi hupigwa kiunoni. Utainamisha mgongo kama aliyekaa kwenye mbuzi akikuna nazi. Itachoma kidogo, usitikisike, mimi nitakushika. Baada ya dakika chache miguu hupata joto, ikawa mizito, kisha huwezi kuinua hata kidole. Hujapooza. Baada ya saa chache nguvu hurudi.

Utakuwa macho, mbele yako pana pazia. Utahisi kuguswa na kuvutwa, lakini si maumivu. Ukisikia maumivu, sema hapo hapo. Ukisikia kichefuchefu au kizunguzungu, sema pia: mara nyingi ni presha imeshuka, na dawa yake ipo mezani.

[PICHA: Mgonjwa wodini, mkewe amempakulia uji.]

Ganzi ikiisha kidonda kitauma, na utapewa dawa. Usishuke kitandani peke yako mara ya kwanza. Uvimbe hubaki wiki kadhaa, kwa hiyo vaa chupi ya kubana. Mambo ya unyumba yasubiri hadi daktari akuruhusu. Na karafuu, hata zikiwa zimewiva, apande mwengine kwa mwezi mzima.

Sikwambii kwamba hakuna hatari hata kidogo. Damu inaweza kuvilia ndani, kidonda kinaweza kuingia vijidudu. Ukiona uvimbe unakua haraka, damu haikatiki, usaha, homa, mkojo umeziba, au kichwa kinauma sana kila ukikaa, rudi hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku wa manane.

[PICHA: Muuguzi anasimama, anaonesha meza ya zamu.]

Wenzangu wa zamu wapo pale mpaka asubuhi. Lolote linalokukosesha usingizi, waulize.