Nguvu na Uaminifu: Kazi, Wito na Riziki ya Halali

Elimu ya Dini ya Kiislamu, Kidato cha Nne. Mada ya Tano, vipindi sita.

Mada hii tunaisoma Julai kwa makusudi. Mtihani wa taifa ni Novemba, na nyumbani swali limeshaanza: baada ya hapo utafanya nini? Kabla hujaendelea kusoma, chukua kipande cha karatasi uandike kazi moja unayoitamani. Usimwoneshe mtu. Ikunje uiweke ndani ya daftari; tutairudia mwishoni mwa mada.

Kisimani Madyan

Soma Surat al-Qasas, aya ya 23 hadi 28, taratibu, kama unasoma habari ya mtu unayemfahamu. Nabii Musa (A.S.) ametoka Misri mbio, hana mali, hana mwenyeji. Anafika kwenye maji ya Madyan na kukuta wachungaji wamesongamana, na pembeni wasichana wawili wanawazuia kondoo wao wasisogee. Anawauliza wana nini. Wanamjibu kwamba hawawezi kunywesha mpaka wachungaji waondoke, na baba yao ni mzee sana. Musa anawanyweshea. Kisha anarudi kivulini na kuomba: Mola wangu, mimi ni mhitaji wa kheri yoyote utakayoniteremshia.

Angalia mpangilio huo. Kazi imetangulia, dua imefuata. Hakuketi kivulini kwanza akingoja mtu aje kumwokota.

Baadaye mmoja wa wasichana wale anamwambia baba yake: mwajiri huyu, kwani mbora wa kumwajiri ni *mwenye nguvu, mwaminifu*. Kwa Kiarabu ni maneno mawili tu, *al-qawiyyu, al-amin*, na mada nzima imesimama juu yake. Nguvu hapa si misuli peke yake. Ni kuiweza kazi: ujuzi, uzoefu, afya, kujua unachokifanya. Uaminifu ni kuifanya vilevile mwenye mali akiwapo au akiwa hayupo.

Wanafunzi wengi wa dini tunalishika neno la pili na kuliacha la kwanza. Fundi umeme mcha Mungu asiyejua kupima waya atachoma nyumba ya watu, na Swala zake hazitauzima moto. Daktari hodari anayedai hongo, naye ameshika la kwanza na kulitupa la pili. Binti yule wa Madyan aliyataka yote mawili kwa mtu mmoja.

Tazama pia jinsi mkataba ulivyofungwa. Mzee alitaja muda, miaka 8, na akasema akitimiza 10 itakuwa kwa hiari yake, na kwamba hataki kumtaabisha. Musa akajibu kwamba muda wowote kati ya hiyo miwili akiumaliza, asidaiwe zaidi. Sharti zimetajwa, pande zote zimekubali, na Mwenyezi Mungu akafanywa shahidi. Katika Sahihi ya Bukhari, Ibn Abbas alipoulizwa Musa alitimiza muda upi, alijibu kuwa ni ule mrefu. Unapoajiriwa dukani au kwenye karakana, uliza mshahara ni kiasi gani, unalipwa lini, saa za kazi ni zipi. Kuuliza hivyo si kukosa adabu.

Chumba cha cherehani

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani Ngamiani, hapa Tanga. Chumba chake kilikuwa na cherehani mbili za miguu, pasi ya mkaa, na msumari mrefu ukutani. Kwenye msumari ule zilining'inia mfuko kwa mfuko, kila mmoja una kikaratasi chenye jina. Ndani yake mlikuwa na mabaki ya vitambaa.

Mteja akileta mita nne na gauni likala mita tatu, ile moja ni ya nani? Mafundi wengi wangesema ni ya fundi. Mjomba aliifunga na kumrudishia mteja pamoja na gauni lake. Kama kipande ni kidogo cha kutosha kola tu, bado alikirudisha. Siku moja, nikiwa darasa la sita, nilichukua kipande cha satini ya buluu ili nishonee mpira wa makaratasi. Hakunipiga. Alinituma nikirudishe nyumbani kwa mwenyewe, barabara tatu mbele, nimwambie kwa mdomo wangu nilichofanya. Yule mama alicheka, akanipa kitambaa kile na chapati juu yake. Lakini nilikuwa nimeshatembea barabara zile tatu.

Upande wa pili wa habari yake nao ni huu. Mjomba alikata nguo vizuri. Alipima mara mbili, akaandika namba kwa chaki, akapima tena. Wateja hawakumfuata kwa sababu ya mabaki tu. Suti yake ilikaa mwilini. Mwenyezi Mungu alipomlainishia chuma Nabii Daud (A.S.), alimwamuru atengeneze deraya pana na *apime sawasawa katika kuunganisha* (Saba, 34:11). Nabii, tena mfalme, anaagizwa habari ya vipimo vya pete za chuma! Na Mtume (S.A.W.) amesema kwamba hakuna aliyepata kula chakula bora kuliko kinachotokana na kazi ya mikono yake, na kwamba Daud alikuwa akila kwa kazi ya mikono yake. Zakariya (A.S.) alikuwa seremala. Mtume wetu mwenyewe alichunga kondoo wa watu wa Makka kwa ujira, kisha akaipeleka Sham biashara ya Bibi Khadija. Bibi Zaynab bint Jahsh, mke wa Mtume, alifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka alichokipata. Ukisikia mtu anasema ufundi ni wa walioshindwa masomo, mkumbushe majina haya.

Lumbesa

Surat al-Mutaffifin inaanza kwa kuwaapiza wapunjaji: ambao wanapojipimia kwa watu hutaka watimiziwe, na wanapowapimia wao hupunguza. Mara nyingi tunalieleza fungu la pili tu, muuza duka aliyebonyeza kitako cha kopo ili mchele uwe pungufu. Fungu la kwanza tunalipita, na ndilo linalowaumiza wakulima wetu.

Nenda ukaone viazi vinavyopakiwa milimani Lushoto. Gunia linajaa hadi mdomoni, kisha juu yake kinashonewa kipande kingine, linaongezwa tena na kukazwa kwa kamba hadi lipate kichwa na shingo. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wanaipiga marufuku na wanataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini mnunuzi husema asiyetaka aache, na mkulima aliye na mzigo unaooza barabarani hukubali. Kukubali kwa aliyebanwa si radhi. Na tukumbuke kuwa Madyan, mji uleule alikoajiriwa Musa, ndiko alikotumwa Nabii Shuaib (A.S.), akasema: timizeni kipimo na mizani, wala msiwapunguzie watu vitu vyao (al-A'raf, 7:85).

Kubeti halihitaji kurasa nyingi. Mkeka wa mechi ni kamari, na kamari imekatazwa katika al-Maida 5:90. Tunaloliongeza hapa ni kwamba kijana anayengoja mkeka uchanike au ulipe hajifunzi kitu chochote cha kumfanya awe *qawiyy*.

Umerahisishiwa lipi?

Mtume (S.A.W.) amesema: tendeni, kwani kila mmoja amerahisishiwa lile aliloumbiwa. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, amewausia wazazi wamtazame mtoto anaelekea wapi kwa maumbile yake, wasimlazimishe kazi nyingine maadamu hiyo inaruhusiwa na sheria. Ukimsukuma kwenye isiyomfaa, anasema, hafaulu humo, na ile aliyoandaliwa inampita. Haya yameandikwa takriban miaka 700 iliyopita, na bado kuna mzazi anayemchagulia binti yake tahasusi ya sayansi kwa sababu ya jirani.

Lakini mwelekeo wako si kipimo pekee. Imam al-Ghazali aliziita tiba, hesabu, kilimo, ufumaji na ushonaji fardhi kifaya: mji ukizikosa, wote wana dhambi. Alilalamika kwamba kuna miji isiyo na tabibu Mwislamu huku wanafunzi wakijazana kwenye mabishano ya fiqhi. Basi uliza maswali mawili kwa pamoja: mimi ninaweza nini, na mtaa wetu unakosa nini? Pale yanapokutana ndipo pa kuanzia kutafuta wito wako.

Njia ni nyingi kuliko kidato cha tano. VETA ina ngazi ya 1 hadi ya 3, na hapa Tanga tuna chuo chake. Kama umeshajifunza ufundi gereji au kwa baba, VETA wana utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa, ukifaulu unapewa cheti. Kukitafuta cheti hicho ni sehemu ya kutafuta *nguvu*.

Zawadi ya ofisini

Baadhi yenu mtafanya kazi bandarini, halmashauri, hospitali. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi alisema: hiki ni chenu, na hiki nimezawadiwa mimi. Mtume alipanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, aone kama angeletewa zawadi. Swali hilo linatosha kupimia kila bahasha utakayopewa: je, ningekuwa sina cheo hiki, ningeletewa?

Kazi za wanafunzi

1. Zungumzeni kwa vikundi. Kijana wa bodaboda amekabidhiwa pikipiki kwa hesabu ya 8,000 kwa siku. Leo mvua imenyesha, amepata 5,000. Anaweza kudanganya kuwa pikipiki ilikuwa gereji. Taja sharti ambazo zingewekwa mwanzoni ili leo asibanwe, ukitumia aya za Madyan.

2. Mtembelee mtu anayefanya kazi kwa mikono mtaani kwako: fundi, mvuvi, mama anayepika vitumbua. Mwamkie, mwombe ruhusa, kaa naye saa moja bila simu. Andika ukurasa mmoja kuhusu jambo moja analolifanya kwa umakini ambalo mteja halioni. Usiandike jina lake.

3. Fungua karatasi uliyoikunja. Chini ya kazi uliyoiandika chora mistari miwili. Juu ya mmoja andika *nguvu*, na uorodheshe unachopaswa kujifunza, chuo gani, muda gani, ada inatoka wapi. Juu ya mwingine andika *uaminifu*, na utaje kishawishi kimoja ambacho kazi hiyo inacho kuliko nyingine. Ukikwama kwenye mstari wa pili, muulize anayeifanya kazi hiyo, anakijua. Lete karatasi Alhamisi, kipindi cha mwisho, pamoja na mzazi au mlezi ikiwezekana. Nitakaa na kila mmoja dakika kumi.