Mtihani wa Usindikaji wa Vyakula: Swali la 4 na Jibu la Mtahiniwa

Swali la 4 (alama 25)

Kikundi cha wasindikaji wilayani Chamwino kilifungasha togwa ya mtama katika chupa za nusu lita siku ya Ijumaa. Kufikia Jumapili chupa nyingi zilikuwa zimevimba na baadhi ya vizibo vimeruka, na wateja walisema kinywaji kina harufu ya pombe. Mtindi uliotengenezwa siku hiyohiyo katika chumba hichohicho haukuvimba. Kwa kutumia elimu ya vijidudu vya uchachushaji, eleza kilichotokea katika togwa, eleza kwa nini mtindi ulisalimika, na upendekeze hatua za kuchukua. Andika milinganyo inayohusika.

Jibu

Togwa ilichachushwa na makundi mawili ya vijidudu yaliyofuatana katika chombo kimoja. Wa kwanza walikuwa bakteria wa asidi ya laktiki, ambao ndio wanaoipa togwa ukali wake. Waliofuata walikuwa hamira, na hao ndio waliojaza gesi ndani ya chupa. Kosa la kikundi halikuwa kuwa na vijidudu, kwa kuwa bila vijidudu hakuna togwa. Kosa lilikuwa kuziba chupa wakati kundi la pili lingali hai na sukari ingalipo.

Viumbe hawa wawili ni tofauti kwa asili. Bakteria wa asidi ya laktiki hana kiini cha seli, upana wake hukaribia maikromita 1, naye huongezeka kwa kugawanyika mara mbili. Hamira ni jamii ya kuvu: ina kiini, upana wake ni takriban maikromita 5 hadi 10, na huongezeka kwa kuchipua. Hata hivyo tofauti inayomhusu msindikaji zaidi ni ile ya mwisho wa njia ya sukari. Wote huivunja glukosi hadi piruveti na kupata nishati kidogo, kisha hulazimika kuirudisha NAD⁺ ili kazi iendelee bila oksijeni. Bakteria huigeuza piruveti moja kwa moja kuwa asidi ya laktiki, ilhali hamira kwanza huiondolea kabonidayoksaidi, ikabaki asetaldehidi, ambayo baadaye hugeuzwa kuwa ethanoli. Milinganyo ni hii:

Bakteria wa zao moja: C₆H₁₂O₆ → 2 C₃H₆O₃

Bakteria wa mazao mchanganyiko: C₆H₁₂O₆ → C₃H₆O₃ + C₂H₅OH + CO₂

Hamira: C₆H₁₂O₆ → 2 C₂H₅OH + 2 CO₂

Mlinganyo wa kati usipuuzwe, kwa sababu unaonyesha kuwa gesi pekee haitoshi kuishitaki hamira. Wako bakteria wa asidi ya laktiki, kama wale wa jenasi ya Leuconostoc, wanaotoa gesi na alkoholi kidogo. Kwa hiyo kabla ya kutoa hukumu ningechukua tone la togwa kutoka katika chupa iliyovimba na kulitazama kwa hadubini yenye ukuzaji wa mara 400, ambapo seli za hamira zenye machipukizi huonekana wazi pembeni ya bakteria walio wadogo mno. Hata bila hadubini, harufu nzito ya pombe na wingi wa gesi vinaelekeza kwa hamira.

Ukubwa wa gesi hiyo unaweza kukadiriwa. Kwa mlinganyo wa hamira, gramu 180 za glukosi hutoa gramu 88 za kabonidayoksaidi, yaani gramu 1 ya sukari hutoa takriban gramu 0.49. Katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi kiasi hicho ni karibu mililita 270 za gesi kwa shinikizo la kawaida la hewa. Ikiwa gramu 5 tu za sukari zilichachuka ndani ya chupa ya nusu lita, zilizalisha zaidi ya lita 1.3 za gesi, na sehemu kubwa yake haikuwa na pa kwenda. Kizibo kuruka ni jambo la kutarajiwa, na chupa ya kioo ingeweza kupasuka na kumjeruhi mtu.

Mfuatano wenyewe unaeleweka tukifuata utengenezaji. Uji wa mtama huchemshwa, na hapo vijidudu vingi hufa. Kisha uji ukiwa vuguvugu hutiwa unga wa kimea, ambao hauwezi kuchemshwa kwa kuwa joto lingeviua vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa maltosi na glukosi. Kimea hicho kibichi ndicho kinacholeta sukari, na ndicho pia kinacholeta bakteria na hamira za asili za nafaka. Bakteria huzaana kwa kasi zaidi na kutangulia, wakiishusha pH hadi chini ya 4, hali inayozuia vimelea wengi wa kuharisha. Lakini asidi hiyo inayowalinda walaji haiizuii hamira, ambayo hustahimili uchachu vizuri. Bakteria wakipunguza mwendo kwa asidi yao wenyewe, hamira huendelea na sukari iliyobaki, huku bakteria wengine wakiwa wameiandalia mazingira yasiyo na washindani. Wazee wetu wanaoiacha togwa siku kadhaa hadi ilevye wanautumia mfuatano huohuo kwa makusudi.

Mtindi ulisalimika hasa kwa sababu ya aina ya sukari. Sukari ya maziwa ni laktosi, na hamira ya kawaida, Saccharomyces cerevisiae, haina kimeng'enya cha kuivunja. Bakteria wa mtindi huivunja, hutoa asidi pasipo gesi ya maana, na pH inapofika takriban 4.6 kaseini huganda. Isitoshe, maziwa yalichemshwa na kutiwa mbegu, hivyo hayakupokea kitu kibichi kama kimea. Siwezi kusema mtindi hauwezi kamwe kuvimba, kwa kuwa zipo hamira chache zinazotumia laktosi, lakini si za kawaida katika chumba kinachotunzwa usafi.

Inafaa kulinganisha na mvinyo wa zabibu za hapa Dodoma, ambako msindikaji hutaka kinyume: hamira itangulie na bakteria wazuiwe. Juisi ya zabibu tayari ina glukosi na fruktosi, na uchachu wake wa asili huipendelea hamira; salfa dayoksaidi huongezwa kwa kuwa huwaathiri bakteria zaidi ya hamira.

Kwa togwa napendekeza hatua zifuatazo. Kikundi kianzishe kila pishi kwa kijiko cha togwa nzuri ya jana, ili bakteria wawe wengi tangu mwanzo, na kipime pH badala ya kuonja tu. Ikishafika chini ya 4, togwa ipashwe joto hadi nyuzi 75 kwa dakika 10, ifungwe ingali moto katika chupa safi zinazostahimili joto, kisha ipozwe haraka. Joto hilo huua hamira na bakteria wote wawili, hivyo mteja hatapata bakteria hai. Naona hasara hiyo inastahili, kwa sababu togwa hunywewa pia na watoto, nao hawapaswi kupewa alkoholi bila mzazi kujua. Wateja wanaotaka bakteria hai wauziwe togwa isiyopashwa, iliyohifadhiwa kwenye jokofu kwa nyuzi 4, yenye lebo ya muda mfupi wa kutumika, na chupa zake ziachiwe nafasi ya hewa. Chupa zilizovimba Jumapili zisiuzwe. Zifunguliwe polepole, vizibo vielekezwe mbali na uso, togwa imwagwe, na chupa zisafishwe kwa maji ya moto kabla ya kutumika tena.