YAH: Ombi la kuanza kazi saa 1:00 asubuhi, tarehe 1 hadi 30 Juni 2026

Mheshimiwa Meneja,

Naomba ruhusa ya kuingia kazini saa 1:00 asubuhi na kutoka saa 10:00 alasiri kwa mwezi wote wa Juni, badala ya saa 2:00 hadi 11:00 jioni. Saa za kazi zinabaki 8, na mapumziko ya mchana hayabadiliki.

Barabara ninayopita inachimbwa na magari yanapishana kwenye njia moja. Nikiondoka nyumbani saa 11:45 alfajiri nafika kwa dakika 50. Nikichelewa hadi saa 12:30, foleni imeshafunga na safari huzidi saa mbili. Kuwahi basi la mapema pekee ndiko kunakosaidia.

Saa ya kwanza, kabla simu hazijaanza, nitaitumia kulinganisha risiti na taarifa ya benki ya jana, kazi inayoharibika kwa kukatizwa. Baada ya saa 10:00 mwenzangu wa dawati la malipo amekubali kupokea wateja, nami nitapatikana kwa simu hadi 11:00. Mkutano ukiangukia jioni, nitabaki.

Kazi ikiyumba, nitarudi ratiba ya kawaida mara moja.

Wako mtiifu,
Karani wa Hesabu, Idara ya Fedha