Notisi ya kodi mpya kuanzia 1 Desemba 2025

30 Agosti 2025

Habari zenu wapangaji wote, poleni na kazi.

Ile meseji ya Jumanne naomba muifute, niliiandika kwa haraka nikawapa mwezi mmoja tu na sababu sikusema, haikuwa sawa na nawaomba radhi. Hii ndo notisi yenyewe.

Kodi inapanda kuanzia tarehe 1 Desemba 2025. Chumba kimoja kinatoka 8,000 kinakuwa 8,800, chumba na sebule inatoka 12,000 inakuwa 13,200. Septemba, Oktoba na Novemba mnalipa ileile ya zamani, yaani mna miezi mitatu ya kujipanga.

Sababu ni hii. Mwezi wa tano pampu ya maji ilikufa kabisa, mnakumbuka zile siku nne za kupanda ngazi na madumu, nikanunua mpya na fundi akaifunga, jumla 64,000. Halafu paa upande wa nyuma, pale maji yalikuwa yanachuruzika mpaka kwenye switchi ya taa ya koridoni, mabati yamebadilishwa na mbao zilizooza zimetolewa, 118,000. Risiti ninazo zote, anayetaka kuziona aje tu tuziangalie pamoja. Ni 182,000, na nyongeza ya vyumba vyote kumi ni 9,600 kwa mwezi kwa hiyo itachukua kama miezi 19 hiyo hela kurudi, ndo maana sipandishi tena mpaka Desemba 2027. Hilo nimeliandika hapa makusudi ili mnishike nalo.

Dipoziti inabaki ilivyo, hamna kuongeza kitu. Pesa ya maji na ya taka pia haijaguswa. Kama ulishalipa kodi ya mbele ikavuka Desemba, bei mpya itakuanza pale miezi uliyolipia itakapoisha, na mwenye mkataba ulioandikwa bei anamaliza nao kwanza.

Najua kuna ambao hiyo nyongeza itawabana, hasa wenye watoto wa shule. Kama ni wewe njoo tuongee kabla ya mwisho wa Oktoba, tunaweza tukagawa malipo mara mbili kwa mwezi, tarehe 1 na tarehe 15, na maongezi yatabaki kati yetu wawili. Usinyamaze ukaanza kukimbia simu jamani.

Ukiona bora uhame sitakuwekea kinyongo. Niambie mwezi mmoja kabla, tukague chumba wote wawili, na dipoziti yako naitoa ndani ya siku 14 tukitoa tu kilichoharibika. Rangi iliyopauka na misumari ya pazia sihesabu.

Nakala ya hii nitapita mlango kwa mlango Jumapili jioni, uweke sahihi kwamba umeipata. Kusaini si kukubali bei, ni kuthibitisha tu kwamba taarifa imekufikia.

Asanteni,
Mwenye nyumba