Usomaji wa karata tano: Nguvu, na mwenza mwenye hasira za karibu

Dada yangu, habari za tangu juzi. Nimekutandikia karata tano za Tarot, za kusomea mambo ya maisha, kama tulivyokubaliana. Swali lako nimeliacha kwa maneno yako mwenyewe: "Nimvumilie hivi hadi lini?" Umeniambia mna miaka sita ya ndoa, kwamba mwenzio hufoka kwa jambo dogo, kisha hununa siku mbili, halafu anarudi kuzungumza kana kwamba hapakuwa na kitu.

Mahali pako imekaa Fimbo Tisa. Mwanamume amefungwa kitambaa kichwani, ameegemea fimbo moja, nyingine nane zimesimama nyuma yake kama ua. Mwangalie macho: hatazami mbele, anachungulia pembeni. Ndivyo unavyoishi sasa. Mlango ukigongwa tu, unasikiliza kwanza umegongwa vipi. Huo si uvumilivu bado, ni ulinzi, na ulinzi unachosha kuliko ugomvi wenyewe.

Mahali pake: Mfalme wa Fimbo, amepinduka. Kiti chake kimechorwa simba. Akiwa wima ni mtu wa moto mzuri, anayeanzisha mambo na kuwachangamsha watu. Akipinduka, moto ule ule unaunguza nyumbani. Sioni hila hapa, naona mtu asiyejua pa kuupeleka.

Kinachowaunganisha ni Vikombe Viwili. Mwanamume na mwanamke wanapeana vikombe, na juu yao kuna kichwa cha simba chenye mabawa. Hapo nilisita kidogo, maana simba ametokea mara ya pili. Moto wa huyu bwana hukuupata baada ya harusi, ulikuwapo siku ulipompenda. Huenda ndio uliokuvuta.

Kisha katikati, mahali pa "kinachotakiwa kwako", akaja simba wa tatu: Nguvu, akiwa wima.

Hapa nataka tukae. Mwanamke kavaa nguo nyeupe, kajifunga maua, juu ya kichwa ana alama ya nane iliyolala, yaani jambo lisilo na mwisho. Anamfumba simba kinywa. Hana fimbo, hana kamba. Mkono mmoja juu ya pua, mwingine chini ya taya, naye ameinama karibu kabisa. Simba ametoa ulimi, mkia kaubana katikati ya miguu. Wengi huona upole tu. Mimi huwaonyesha vidole: viko kwenye taya, haviko ndani ya meno. Mwanamke huyu anajua kinywa kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Najua watu wamekuambia mvumilivu hula mbivu. Karata hii haisemi hivyo. Kungoja hakumo kabisa kwenye picha, mikono yote miwili inafanya kazi. Anapoanza kufoka, usijibu kwa sauti yake wala usikimbilie jikoni ukanyamaza. Sema kwa sauti ya chini, "Nitakusikiliza ukishatulia," uondoke mara moja. Na zile siku mbili za kununa zisipite bure: akirudi, mrudishe kwenye neno lililomtoka, kwa upole, kabla hamjaanza kucheka. Hapo ndipo taya hufumbwa. Ukiliacha lipite, umemfundisha kwamba kunyamaza kunafuta deni.

Na niseme wazi, ingawa hukuniuliza: akikuinulia mkono, au ukianza kumwogopa kwa usalama wako au wa watoto, usomaji huu hauna kazi tena. Toka, uende kwa watu wako. Hakuna karata inayomwagiza mtu abaki kwenye meno.

Karata ya mwisho, mwelekeo, ni Haki. Kaa nayo vizuri, maana hizi mbili zina historia. Katika karata za zamani za Marseille, Haki ni namba 8 na Nguvu ni 11. Katika karata ninazotumia mimi, zilizotoka mwaka 1909 kwa michoro ya Pamela Colman Smith, zimebadilishana nafasi, ili Nguvu ipatane na nyota ya Simba na Haki ipatane na Mizani. Kwako zimelala bega kwa bega. Haki ana upanga mkono mmoja na mizani mkono wa pili. Ninavyoisoma, jibu la "hadi lini" haliko kwenye kalenda, liko kwenye mizani: wewe umeweka miaka sita ya kumsoma na kumtuliza. Yeye ameweka nini upande wa pili?

Kwa hiyo mwezi huu usihesabu mara alizofoka. Hesabu mara alizorudi mwenyewe, bila kuitwa, akasema "nilikosea". Ukiniandikia tena, niletee hiyo namba, hata kama ni sifuri, tutandike upya kuanzia hapo.