Ahadi za Tabitha na Niyonkuru

Jumamosi, saa tano asubuhi, Dodoma. Zinasomwa mchungaji akishamaliza kiapo cha kanisa, kabla ya pete.

*Kwa wageni wetu wa Mvumi na wa Ngozi:* hatujaweka mkalimani. Kiswahili na Kirundi ni ndugu, na atakayetega sikio atawasikia wakiitana. Kila ahadi ya pete imo katika lugha zote mbili, hakuna iliyo kivuli cha nyingine. Bibi ameuliza Kigogo kiko wapi. Bibi, kinakusubiri ukumbini, na kipaza sauti ni chako.

Niyonkuru, kwa Kiswahili

Tabitha, nilishuka basi mjini hapa nikitokea mpakani Kabanga, mwezi wa tisa, vumbi likiwa limeshinda jua. Mimi mtoto wa milima ya kijani nilijiuliza watu hawa wanaishije. Nawe ulinipa kichala cha zabibu ukaniambia, "Onja kwanza, ndipo ulalamike."

Kiswahili changu umekinyoosha wewe, bila kunicheka mbele za watu (nyumbani ulicheka, najua). Mlenda nilijifunza kwa mama yako. Siku ya kwanza uliniponyoka mkononi mara tatu, na mama akajifanya anaangalia dirishani. Siku nilipomwamkia "Mbukwenyi", alinishika mikono miwili, akakaa nayo kimya. Tangu hapo sijajihesabu mgeni.

Naahidi kukusikiliza hadi mwisho wa sentensi, hata nikiwa nimeshaandaa jibu. Naahidi kutojificha ndani ya Kirundi nikikasirika. Mwaka ambao mvua itakata mapema, shamba likabaki mabua, hutaniona nimekaa nikihesabu nauli ya kurudi kwetu.

*Ndagukunda, Tabitha. Sinzoguheba.*

Tabitha, kwa Kirundi, kisha Kiswahili

*Niyonkuru, mukunzi wanje,*
*ururimi rwawe ndacarwiga,*
*ariko umutima wanje urarwumva.*
*Nagukunze ejo, nzogukunda ejo.*

Mama zangu, msishangae neno moja kurudi mara mbili. Kwa Warundi *ejo* ni jana, na *ejo* hiyohiyo ni kesho. Wiki ya kwanza niligombana naye kwa sababu hiyo: aliniambia atakuja ejo, nami nikasikia amekuja akanikosa. Sasa nalipenda neno hili kuliko yote aliyonifundisha.

Niyonkuru, kwetu ngoma za muheme hupigwa na wanawake, wamezibana katikati ya magoti. Kwenu ngoma ni za wanaume, na mwaka 2014 UNESCO iliziandika katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Basi tuelewane hapa, mbele ya mashahidi: sitakunyang'anya ngoma yako, wala wewe hutaigusa yangu.

Naahidi kumpigia mama mkwe simu mwenyewe, kwa Kirundi changu hichihichi kibovu, bila kukungoja unishikie maneno. Naahidi kukuambia ukweli wa fedha, hata ukiwa mchungu. Ukiugua, uji wako nitaukoroga mimi. Na ukiikumbuka milima yenu usiku, niamshe. Sitakuambia ulale.

Pete: mmoja anasema, mwenzake anajibu

*(Tabitha kwa Kiswahili, Niyonkuru kwa Kirundi. Pete ya bwana harusi.)*

Nimekuchagua wewe mbele ya wote.
*Ndagutoye wewe imbere ya bose.*

Nitakupenda katika afya na maradhi.
*Nzogukunda mu magara no mu ngwara.*

Wazazi wako ni wazazi wangu.
*Abavyeyi bawe ni abavyeyi banje.*

*(Sasa wanabadilishana: Niyonkuru kwa Kiswahili, Tabitha kwa Kirundi. Pete ya bibi harusi. Polepole hapa, mistari hii inafanana kwa sauti na haraka itaiharibu.)*

Maji ya kwenu nitayachota.
*Amazi y'iwanyu nzoyavoma.*

Jina lako nitalilinda.
*Izina ryawe nzoririnda.*

Mvua ikinyesha, tutashukuru.
*Imvura niyagwa, tuzokenguruka.*

Mwana wetu atazisema zote mbili.
*Umwana wacu azozivuga zompi.*

Wote wawili, wameshikana mikono

Hadi kifo kitutenganishe,
*gushika urupfu rudutandukanije,*

jana na kesho,
*ejo n'ejo.*