Ardhi iliyoporomoka na konde lililoachwa

Nyuma ya kijiji chetu, upande wa Mkoani, Pemba, mvua za masika ziliporomosha kilima na kuacha udongo mwekundu mtupu. Hatua mia chini yake kuna konde la muhogo ambalo halijalimwa kwa miaka mitano. Majirani hawa wawili wanapona kwa mwendo tofauti kabisa.

Kondeni mfuatano, yaani jinsi mimea inavyopokezana hadi uoto urudi, ni wa pili: mimea imeondoka, udongo umebaki pamoja na mbegu, mizizi na vijidudu vyake. Kishonanguo na majani mengine yalijaa msimu wa kwanza tu. Sasa mipera imenipita kimo, na naamini mingi ilipandwa na ndege na popo wanaokula mapera na kuangusha mbegu.

Kilimani mfuatano ni wa awali. Tabaka la juu limekwenda na mboji yake, naitrojeni ni haba, na kila mvua hung'oa kilichojaribu kuota. Huanza kuvu, kuvumwani na kangaga, ambao spora zao nyepesi huletwa na upepo. Wakifa huoza, mboji hujengeka polepole, kisha nyasi hupata pa kushika. Msitu huko huhitaji miongo mingi.

Lakini mpaka huo si mkali kama tunavyouchora darasani. Chini ya poromoko, udongo wa juu ulirundikana na visiki vyake, na pale vichaka vimechipua haraka kama kondeni. Kwa hiyo poromoko moja lina mifuatano yote miwili.